Odoo au mfumo wa leseni ya kibiashara: namna ya kupima kabla ya kusaini, kwa kampuni yenye maghala Unguja na Pemba

Chukua kampuni ya vifaa vya ujenzi yenye ghala Mwanakwerekwe, duka la rejareja Darajani na tawi Chake Chake. Inaagiza makontena machache kwa mwaka kutoka nje, inanunua saruji na nondo Bara, na kila wiki inapakia mzigo Malindi kwenda Mkoani. Wanaogusa hesabu zake ni watu 12: wauzaji, watunza ghala, mhasibu na msaidizi wake, mnunuzi na mwenye kampuni. Hadi sasa mauzo yapo kwenye programu moja, bidhaa kwenye Excel, na madeni ya mafundi kwenye daftari. Mwisho wa mwezi vitu hivi vitatu havikubaliani, na ndipo mwenye kampuni anapoanza kutafuta mfumo mmoja wa ERP, yaani programu moja inayoshika mauzo, ghala na uhasibu kwa pamoja.

Watakaokuja kumuuzia wataleta orodha ndefu za moduli, na kila orodha itasema mauzo yapo, ghala lipo, uhasibu upo. Orodha hizo hazisaidii kuchagua kwa sababu zote zinafanana. Kinachotofautisha mifumo ni miamala michache migumu ya kampuni yenyewe. Kwa kampuni za visiwani inayosumbua zaidi ni mitatu: mzigo ulio njiani baina ya visiwa viwili, gharama halisi ya bidhaa iliyotoka nje, na risiti ya kodi. Mwongozo huu unaipitisha miamala hiyo kwenye Odoo na kwenye mifumo ya leseni ya kibiashara, kisha unafanya hesabu ya pesa.

Kwanza, jua Odoo ipi unayoambiwa

Jina Odoo linabeba vitu viwili, na mikataba mingi huharibika hapa. Odoo Community ni programu huria chini ya leseni ya LGPL toleo la 3. Unaipakua, unaifunga kwenye seva yako, na idadi ya watumiaji haina kikomo wala ada. Odoo Enterprise imejengwa juu ya hiyo Community, lakini nyongeza zake si huria, na unalipia kwa kila mtumiaji. Kwa hiyo anayekuambia "Odoo ni bure" na anayekuambia "Odoo ni ada ya kila mwezi" wote wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Tofauti itakayomgusa mhasibu wako ni hii: Community ina ankara, malipo, kodi na daftari la miamala, lakini haina ripoti kamili za mizania na faida na hasara. Hizo zimo kwenye Enterprise. Anayetumia Community huziongeza kwa moduli za jumuiya ya OCA, kwa kawaida `account_financial_report` na `mis_builder`. Zinafanya kazi vizuri, lakini lazima awepo mtu wa kuzifunga na kuzitunza. Mauzo ya kaunta, ununuzi, ghala na gharama za uingizaji mzigo vyote vimo kwenye Community.

Enterprise nayo ina mtego wake. Mpango wa bei nafuu unaoitwa Standard hukaa kwenye seva za Odoo wenyewe tu, haukubali moduli za kutengenezewa, wala haufungui API kwa mifumo ya nje. Ukitaka kuunganisha mfumo wako na risiti za ZRA utahitaji mpango wa Custom, ambao ni ghali zaidi. Mwambie muuzaji aandike jina la mpango kwenye nukuu ya bei. Nukuu iliyoandikwa "Odoo Enterprise, watumiaji 12" bila jina la mpango irudishe.

Jaribio la 1: mzigo uliopo baharini

Mifuko 300 ya saruji imetoka Mwanakwerekwe Jumatatu. Boti imechelewa, na mzigo umefika Chake Chake Jumatano ukiwa mifuko 294, kwani 6 imelowa. Jumanne mifuko hiyo ilikuwa wapi kwenye hesabu? Mfumo ukisema bado iko Unguja, muuzaji wa Darajani ataahidi saruji isiyokuwepo. Ukisema imeshafika Pemba, muuzaji wa Chake Chake atafanya hivyo hivyo.

Jibu sahihi ni kuwa na ghala la tatu, la njiani. Kwenye Odoo nenda kwenye mipangilio ya Inventory, washa Storage Locations na Multi-Step Routes, kisha fungua ghala la Chake Chake na kwenye Resupply From utie alama ghala la Unguja, na mwisho kwenye kila bidhaa, chini ya Routes, utie alama njia hiyo. Tangu hapo agizo la kupeleka mzigo Pemba huzaa hati mbili. Ya kwanza inatoa mzigo Unguja na kuuweka njiani, na mtunza ghala wa Mwanakwerekwe ndiye anayeithibitisha. Ya pili inauingiza Chake Chake, na anaithibitisha aliyeupokea baada ya kuuhesabu. Mifuko 294 ikiingia, 6 hubaki njiani, ikionekana, mpaka mtu mwenye ruhusa aifute kwa sababu iliyoandikwa. Kosa la kawaida ni watu kutumia uhamisho wa ndani wa hatua moja kwa kuwa ni wa haraka. Utalijua kwa dalili hii: ghala la njiani halina kitu siku zote, hata siku ambayo boti iko baharini.

Business Central ya Microsoft inalo jambo hili tangu asili yake: hati ya uhamisho inadai ghala la njiani kabla ya mzigo kutoka, isipokuwa ikiwekewa alama ya Direct Transfer. SAP Business One huhamisha moja kwa moja kutoka ghala hadi ghala, hivyo unaunda ghala la kati na kufanya uhamisho mara mbili. TallyPrime ina magodauni na unaweza kuliita moja "Njiani", lakini nidhamu ya hatua mbili itategemea watu, mfumo hautawalazimisha. QuickBooks ya mtandaoni haikujengwa kufuatilia bidhaa kwa kila ghala, na kwa kampuni hii jaribio hili peke yake linatosha kuiondoa.

Jaribio la 2: koki na marumaru kwenye kontena moja

Hapa ndipo faida hupotea kimya kimya, kwa hiyo tufanye hesabu nzima. Kontena limebeba maboksi 800 ya marumaru, kila boksi limenunuliwa kwa shilingi 25,000 na lina uzito wa kilo 25. Limebeba pia koki 200 za bafuni, kila moja shilingi 50,000 na kilo 1. Marumaru ni milioni 20 na koki ni milioni 10. Usafiri umegharimu milioni 6. Ushuru tutaurudia.

Ukigawa milioni 6 kwa thamani, marumaru wanabeba milioni 4, yaani 5,000 kwa boksi, na koki wanabeba milioni 2, yaani 10,000 kwa koki. Boksi la marumaru linaonekana kugharimu 30,000. Ukiliuza kwa 33,000 unaamini umepata 3,000.

Sasa gawa kwa uzito. Mzigo wote ni kilo 20,200, na marumaru peke yao ni kilo 20,000. Wanabeba shilingi 5,940,594, yaani karibu 7,426 kwa boksi. Koki wanabeba 59,406, karibu 297 kwa kila koki. Boksi lile lile linagharimu 32,426, na ukiliuza kwa 33,000 faida yako ni 574. Koki nayo, uliyodhani inagharimu 60,000 na ukashindwa kushindana na jirani, kumbe inagharimu 50,297.

Marumaru ndio waliojaza kontena, kwa hiyo mgawo wa uzito ndio ulio karibu na ukweli hapa. Kwa mzigo mwepesi unaochukua nafasi kubwa, kama matangi ya plastiki, ungegawa kwa ujazo. Swali la kumuuliza kila muuzaji ni fupi: mfumo wako unagawa kwa njia zipi, na ninaweza kuchagua njia tofauti kwa kila gharama ndani ya hati moja?

Odoo inaruhusu, kwa usawa, kwa idadi, kwa thamani, kwa uzito au kwa ujazo, kila mstari na njia yake. Business Central nayo ina mgawo wa usawa, thamani, uzito na ujazo. SAP Business One ina hati yake maalumu ya kazi hii. TallyPrime hugawa kwa idadi au kwa thamani, na kwa kontena hili njia zote mbili zingekupotosha: kwa idadi, koki ya kilo moja ingebeba usafiri sawasawa na boksi la kilo 25.

Kufanya jaribio kwenye Odoo, fuata mpangilio huu kwa sababu hatua zikipinduka jibu huwa bovu:

1. Washa Landed Costs kwenye mipangilio ya Inventory.
2. Kwenye kundi la bidhaa, weka Costing Method iwe Average Cost (AVCO) au FIFO kabla mzigo haujaingia. Bei ya kudumu, Standard Price, haikubali gharama hizi.
3. Jaza uzito kwa kila bidhaa. Bidhaa yenye uzito sifuri hupewa gharama sifuri bila onyo lolote.
4. Unda huduma inayoitwa "Usafiri wa kontena" na utie alama Is a Landed Cost.
5. Pokea marumaru na koki kwa hati mbili tofauti za upokeaji, fungua Landed Costs, chagua hati zote mbili, weka milioni 6 kwa njia ya By Weight, bonyeza Compute, na linganisha na namba za hapo juu kabla ya Validate.

Hati ikishathibitishwa haifutiki. Kosa hurekebishwa kwa hati nyingine yenye kiasi hasi. Na usingoje mzigo uishe ndipo uingize gharama, maana sehemu ya gharama inayohusu maboksi yaliyokwisha kuuzwa haiwezi kupanda kwenye bei ya yaliyobaki. Huenda kwenye gharama za mauzo, na ripoti ya faida ya mwezi uliopita itakuwa imeshakudanganya. Ankara ya wakala wa forodha ikichelewa, weka makadirio na urekebishe tofauti baadaye.

Ushuru wa forodha unaolipwa TRA usiugawe kwa uzito. Viwango hutofautiana kwa aina ya bidhaa, kwa hiyo uchukue kutoka kwenye hati ya forodha, bidhaa kwa bidhaa, na ufungue hati moja ya gharama kwa upokeaji wa marumaru na nyingine kwa upokeaji wa koki. Na VAT unayoruhusiwa kuirudisha isiingie humu hata kidogo. Inakwenda kwenye akaunti ya VAT. Ukiiona imepanda kwenye bei ya bidhaa, umeilipia mara mbili: mara kwa serikali, na mara kwa wateja waliokimbia bei yako.

Jaribio la 3: risiti ya ZRA

Mambo ya kodi Zanzibar yana milango miwili. ZRA inasimamia VAT ya ndani na risiti za kielektroniki kupitia VFMS, wakati TRA inashika forodha na kodi ya mapato. Kiwango cha kawaida cha VAT Zanzibar ni asilimia 15, na cha Bara ni 18. Mifumo inayokuja na mpangilio wa "Tanzania", huria kwa ya kibiashara, huwa imepangwa kwa Bara. Hakikisha asilimia 15 imeundwa kama kodi inayojitegemea na kuwekwa kuwa ya kawaida kwenye mauzo, ile ya Bara isifutwe bali iachwe kwa ankara zinazoihitaji, na mhasibu athibitishe kila moja inaangukia akaunti ipi.

Kuhusu VFMS, usikubali neno "inawezekana". Hakuna mfumo kati ya hii unaotoka kiwandani umeunganishwa na ZRA; kila mmoja unahitaji kiunganishi kilichotengenezwa na mtu wa hapa. Omba uonyeshwe duka linalokitumia sasa hivi, na uangalie mambo matatu: risiti inatoka baada ya sekunde ngapi, inakuwaje mtandao ukikatika katikati ya mauzo, na bidhaa ikirudishwa inafutwaje pande zote mbili.

Kama kiunganishi hakipo, muuzaji ataandika mauzo mara mbili. Ihesabu gharama hiyo kama gharama ya mfumo: risiti 200 kwa siku, kila moja sekunde 40 za ziada, ni sekunde 8,000, yaani zaidi ya saa mbili za kazi kila siku. Mbaya zaidi, namba mbili zinazoandikwa kwa mkono hazitalingana, na atakayeulizwa na ZRA ni mwenye kampuni.

Ukiwa hapo kaunta, chomoa waya wa intaneti. Kaunta ya Odoo ikiwa imeshafunguliwa huendelea kuuza na kuhifadhi mauzo ndani ya kivinjari mpaka mtandao urudi. Lakini mauzo yanayodai ankara hayapiti, na mtu akifuta data za kivinjari kabla mtandao haujarudi, mauzo hayo yamekwenda. Tawi la Chake Chake lifundishwe hili siku ya kwanza: mtandao ukikatika, usifunge ukurasa. Programu ya kompyuta kama TallyPrime haijali mtandao ndani ya tawi, ila makao makuu hayataona mauzo ya Pemba mpaka data zisafirishwe.

Hesabu ya miaka mitano

Bei ya leseni ni sehemu moja tu. Andika kila mfumo kwenye karatasi yake kwa mpangilio huu:

```
Jumla = (ada kwa mtumiaji × watumiaji × miezi 60)
      + ufungaji + kuhamisha data + mafunzo
      + kiunganishi cha VFMS na matunzo yake
      + seva na nakala rudufu
      + kupandisha toleo
      + (mkataba wa fundi kwa mwezi × 60)
```

Fanya hesabu mara mbili, kwa watumiaji 12 na kwa watumiaji 20, kwa sababu kampuni inakua. Kwenye Community mstari wa kwanza ni sifuri na hubaki sifuri, lakini mstari wa fundi ni mkubwa. Kwenye Business Central na Enterprise ni kinyume chake, na ada ikitajwa kwa dola, ongeza nafasi ya shilingi kushuka. Ada ya kila mtumiaji ina athari nyingine isiyoandikwa popote: ili kubana matumizi, watunza ghala watatu hupewa nenosiri moja. Siku mifuko 40 ikipotea, mfumo utasema aliyeitoa ni "ghala1", na hapo wewe uliyelipia mfumo mzima umeshakosa jibu.

Mstari wa kupandisha toleo ndio watu husahau. Odoo hutoa toleo jipya kila mwaka na kila toleo huhudumiwa miaka mitatu. Ndani ya miaka mitano lazima upande angalau mara moja. Enterprise inakupandishia hifadhidata, ingawa moduli za kutengenezewa ni juu yako. Kwenye Community utatumia OpenUpgrade ya OCA, toleo kwa toleo, na moduli ambayo haijahamishwa itakukwamisha. Ndiyo sababu kila marekebisho unayoagiza leo yana bili ya pili baadaye. Marekebisho ya lazima kwa kampuni hii ni kiunganishi cha VFMS na fomu ya kupakia boti. Ankara yenye rangi ya kampuni si lazima.

Ukichagua kuweka Odoo kwenye seva yako, nakala rudufu ina sehemu mbili, na wengi hukumbuka moja tu:

```
pg_dump -Fc -f /backup/duka.dump duka
tar -czf /backup/duka-files.tar.gz -C /opt/odoo/data/filestore duka
```

Mstari wa kwanza ni hifadhidata. Wa pili ni faili zilizoambatishwa: picha za hati za forodha, ankara za wauzaji, mikataba. Badilisha `/opt/odoo/data` iwe njia iliyoandikwa kwenye `data_dir` ya seva yako, na uiache `/filestore` ilivyo. Nakala moja ikae nje ya jengo, na kila robo mwaka fundi airudishe kwenye kompyuta nyingine mbele yako na kukufungulia ankara ya jana pamoja na kiambatisho chake. Kiambatisho kisipofunguka, mstari wa pili haufanyi kazi.

Uamuzi kwa kampuni hii

Kwa maghala matatu, bahari katikati na makontena yenye bidhaa mchanganyiko, TallyPrime na QuickBooks zinaachwa. Zingetosha kabisa kama duka lingekuwa moja na bidhaa zinanunuliwa hapa hapa. Anayekuuzia ERP katika hali hiyo anakuongezea mzigo. SAP Business One na Business Central zinaiweza kazi, na zinastahili bei yake pale benki au mbia wa nje anapodai ukaguzi wa kiwango hicho na kuna wakala wa kuzihudumia anayefika Pemba.

Zinabaki Odoo mbili. Chagua Community kama una watu wawili, sisemi mmoja, wanaojua Python na PostgreSQL na wanaopatikana simu ikipigwa Jumamosi jioni. Fundi mmoja akihamia Dar es Salaam, programu yako huria imebaki bila mwenyewe. Kama huna watu hao, chukua Enterprise kwa mpango wa Custom na wakala aliyepita majaribio yote matatu. Ila jua kwamba hifadhidata ya Enterprise haifunguki kwenye Community siku ukichoka kulipa. Kurudi nyuma ni mradi mzima wa kuhamisha data.

Vyovyote utakavyochagua, mkataba utaje vitu vinne kwa maandishi: nenosiri la msimamizi mkuu liko kwa mwenye kampuni, nakala ya hifadhidata inatolewa kila mwezi bila kuombwa, msimbo wa moduli zilizotengenezwa kwa pesa yako ni mali yako na unakabidhiwa, na malipo ya mwisho, yasiyopungua asilimia 30, hulipwa baada ya mwezi mmoja kamili kufungwa kwenye mfumo mpya huku ghala la njiani, bei ya marumaru na jumla ya VAT vikilingana na hati za karatasi.